Konzi ya Vumbi la Banda

Safari iliyonileta Uvira ilianzia Lubumbashi, siku shamba la kuku nililokuwa nikifanya kazi lilipofungwa. Mwenye shamba alituita asubuhi, akatuambia kila mtu ashike njia yake. Mfuko wangu ulikuwa tayari. Umekuwa tayari maisha yangu yote. Nilipanda lori la saruji kwenda Kalemie, siku sita njiani, mbili kati ya hizo tukikaa mahali pamoja kungoja lori lililokuwa mbele yetu litolewe matopeni. Kalemie nikangoja boti ya mizigo hadi nikaanza kujulikana na wauza chai wa bandarini. Ilipoondoka, tulikaa juu ya magunia ya mahindi, milima yetu ikiwa kushoto na ya Tanzania kulia, na mimi nikatazama kushoto tu.

Nilikuwa na miaka saba tulipoihama Uvira. Mama yangu aliishi Lubumbashi miaka mingi kama mtu anayengoja gari, na hadi alipokufa alikuwa akimsifia mukeke wa kuchoma, samaki wa ziwa la kwetu, akitukana samaki wa barafu tuliyemnunulia. Kwa hiyo boti ilipotia nanga, nilikwenda moja kwa moja kutafuta nyumba tuliyokaa. Sikuiona. Ziwa lilikuwa limepanda na kuzimeza nyumba za chini, na pale nilipotarajia mlango palikuwa na maji, na mwanamke anafua nguo akiwa amesimama ndani yake hadi magotini.

"Unatafuta nani, papa?" akaniuliza.

"Nyumba," nikasema.

"Hiyo iko inalala chini ya maji. Tafuta ingine."

Nikatafuta nyingine. Nilipata chumba kule Rugenge, katika uwanja wa mjane mmoja aliyekuwa na umri wa miaka kama sitini. Nilimwita Mama, kama kila mtu alivyomwita. Alikaa na mama mkwe wake, kikongwe mwembamba, mwenye masikio mazuri kuliko macho, ambaye sote tulimwita Koko, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Uwanjani kulikuwa na banda refu la mbao lenye kuku kama ishirini, na jikoni, pembeni, kulikuwa na sanduku kubwa lenye kioo, limeunganishwa na betri ya sola. Ilikuwa kuvezi, mashine ya kuangulia mayai. Nilipoiona nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimesafiri urefu wa ziwa kuja kulala tena karibu na kuku.

Siku ya tatu nilimkuta Mama amechuchumaa mbele ya banda. Alikuwa ameshika tetea mchanga, wa miezi kama mitatu na nusu. Alipomweka chini, yule kuku hakusimama. Mguu mmoja ulinyooka mbele, mwingine ukanyooka nyuma, akabaki amekaa katikati ya miguu yake mwenyewe, kichwa juu, anatazama huku na huku kama mtu aliyeteleza mbele ya watu na anajifanya hakuteleza.

"Papa, weye ulisema ulifanya kazi mu ferme ya kuku," Mama akasema. "Angalia huyu. Iko anakula, iko anakunywa, lakini miguu imekufa. Na jicho, ona jicho."

Niliinama. Kuku mzima ana duara la rangi ya chungwa kuzunguka mboni. Huyu jicho lake la kulia lilikuwa la kijivu, rangi ya majivu ya jana, na mboni yenyewe haikuwa duara tena, kingo zake zilikuwa zimechanikachanika.

"Kule kwetu sikuwahi kuona hii," nikamwambia. Ilikuwa kweli. Kule vifaranga walitujia kwenye maboksi, wameshapigwa sindano huko walikoanguliwa, na kazi yangu ilikuwa kulisha na kusafisha.

Alinieleza pale pale, bila kulia. Ulikuwa mwaka wa tatu. Vifaranga wake walianguliwa wazuri, wakakua wazuri, na walipofika miezi mitatu au minne, karibu na kuanza kutaga, wakaanza kuanguka. Wengine walidhoofika tu hadi kifua kikawa kama kisu. Na si wake peke yake. Wanawake wa kwaya yake, watu wa Kiringye kule kwenye bonde la mpunga, wote waliochukua vifaranga kwake, walirudi na habari hiyo hiyo. Sasa walikuwa wamekoma kuja. Mmoja alikuwa amemrudishia kuku watano waliopooza, akawaweka mlangoni ndani ya kikapu, akaondoka bila salamu.

"Banasema kuvezi yangu iko na pepo," akasema. "Binti yangu kule Bujumbura anataka niuzishe mashine, niende kukaa kwake. Nikae nikifanya nini? Nikiangalia televizyo yake? Minye nilinunua hii mashine kisha mume wangu kufa, ili nisiombe muntu. Nitaangua mara moja tena. Wakianguka, nitaenda. Lakini nitajua kwanza nini iko inawaua."

Alisema hivyo huku akimfunga yule kuku miguu kwa kitambaa. Nikamuuliza tunampeleka wapi. Akasema kwa munganga wa nyama.

Munganga wa nyama, yaani daktari wa mifugo, alikuwa mtu wa Luberizi aliyeshuka Uvira mara moja kwa juma kwa pikipiki yake, hasa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi wa machinjioni. Alikuwa mfupi, mwenye buti za mpira, na alizungumza na wanyama kwa adabu kuliko alivyozungumza na watu. Alimtazama kuku jicho, akamchinja, akampasua juu ya gunia.

"Karibu, Mama. Hata weye, mugeni. Ini ya kuku inapaswa kuwa namna gani?"

"Nyekundu ya kukolea, laini," nikasema.

Lile lilikuwa limevimba, limejaa madoa na uvimbe wa rangi ya maziwa yaliyochafuka. Kisha akafungua paja, akatenganisha nyama kwa vidole, akatoa mishipa ya fahamu inayoshuka mguuni, mmoja kila upande. Wa kulia ulikuwa mwembamba, mweupe, wenye mistari midogo kama uzi. Wa kushoto ulikuwa mnene mara tatu, wa manjano, umevimba kama kamba iliyolala majini.

"Pale ndipo mguu ulikufia," akasema. "Si pepo. Ni virusi, ya jamaa ya herpes. Vitabuni ina jina la munganga wa zamani aliyeieleza. Inaingia kwa mapafu kuku akiwa mudogo, inakaa kimya, inaota uvimbe ndani. Muntu haimushiki. Kuku ndiyo inamumaliza. Ikishaanza, dawa hakuna. Usinunue antibiotiki, Mama, utatupa."

"Sasa kuna nini?" Mama akauliza.

"Kuna sindano. Lakini ya siku ile anatoka ku yai. Siku ile ile. Kesho yake umechelewa. Na usiweke batoto pamoja na kuku wakubwa. Wakubwa wako wanaonekana wazima, lakini wanabeba."

Akaeleza kwamba chanjo yenyewe ni kirusi hai, ndugu wa kile kibaya, kilichotoka kwa dendon, yaani bata mzinga, na hakimdhuru kuku. Mama akamkazia macho.

"Nipige batoto yangu ugonjwa wa dendon?"

"Ndiyo. Uwafundishe askari wao kazi kabla ya adui kufika."

Chanjo haikupatikana Uvira. Niliifuata Bujumbura, nikavuka mpaka pale Kavimvira na termosi ya chai iliyojazwa barafu. Kichupa kilikuwa kidogo kama kidole, unga mkavu chini yake, na kingine cha maji yake ya kuchanganyia. Karatasi ilisema kisiache ubaridi, na kikishachanganywa kitumike ndani ya saa moja, kisha kinachobaki kitupwe. Afisa wa forodha alifungua termosi, akatazama, akaniuliza kama hiyo ni chai ya namna gani. Nikamwambia ni ya vifaranga. Akaniruhusu kwa huruma.

Vifaranga walianguliwa siku ya Jumamosi. Walipokauka manyoya, tulikaa mezani jikoni. Nilikuwa nimechemsha bomba na sindano kwa maji matupu, kwa sababu munganga alitukataza spiriti, alisema spiriti ingeua na chanjo yenyewe. Mama alishika kifaranga, kichwa kikitokeza kati ya vidole vyake, mimi nikabana ngozi ya nyuma ya shingo, nikaiinua kama hema dogo, nikaingiza sindano chini yake. Tone. Kifaranga kwenye boksi. Kifaranga mwingine. Kichupa kimoja kilitosha vifaranga elfu, nasi tulikuwa na mia moja tu na wachache. Mama alipoona niko tayari kuyamwaga yaliyobaki kwenye majivu ya moto, alinishika mkono.

"Weka mu frigo. Wengine watatoka Jumatano."

"Mama, Jumatano hii itakuwa maji tu."

Alinitazama nikimwaga, uso wake kama mtu anayetazama chakula kikianguka njiani.

Kisha likaja jambo nililolishika kwa mikono yangu mwenyewe, na ndiyo sababu ninaandika haya.

Vifaranga walipokuwa wote ndani ya boksi, chini ya taa, Koko alitoka chumbani akiishika fimbo yake. Alitufahamisha kwamba hatujawakaribisha. Katika nyumba hiyo, tangu enzi ya mama yake mwenyewe, kifaranga mpya hupewa konzi, yaani mkono mmoja uliojaa, ya vumbi la banda la wazazi wake: unachukua kutoka pembe ambapo kuku wakubwa hulala, unanyunyiza chini ya miguu ya wadogo, ili wajue kwao na wasipotee kwa majirani. Macho yake hayakumwezesha kufika bandani.

"Mugeni, niletee," akaniambia. "Ya pembe ya nyuma. Ile laini laini."

Nikaenda. Vumbi la pembe ile lilikuwa laini kama unga, la kijivu, limejaa vipande vidogo vya manyoya na ukurutu wa ngozi. Nililileta katika viganja viwili, nikammiminia. Koko alilinyunyiza polepole, akinong'ona maneno ya Kifuliiru, na vifaranga wakakimbilia kulidonoa, wakapiga chafya. Mama alitabasamu. Na mimi nilitabasamu. Nilimkumbuka mama yangu, nikajiambia kwamba hata mimi siku moja mtu alininyunyizia kitu ili nijue kwetu, na labda ndicho kilichonirudisha.

Wiki kumi zikapita. Hatukuwachanganya na wakubwa hata siku moja. Mama aliwahesabu kila asubuhi kwa jicho, akasema kwa sauti ya kutosha majirani wasikie, "Ona bale batoto yangu ya sindano!" Wiki ya kumi na moja, mmoja alichechemea. Nilimwambia labda amejikwaa. Siku mbili baadaye alikuwa ameketi katikati ya miguu yake, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kisha wa pili. Kisha wa tano, na jicho la kijivu.

Binti yake alipiga simu kutoka Bujumbura juma hilo. Nilimsikia Mama akijibu uani: "Ndiyo. Ndiyo, nimesikia. Lakini bado sijajua." Akakata, akanigeukia. "Ita munganga. Nilisema nitajua kwanza."

Munganga wa nyama alikuja akiwa amekasirika, kwa sababu alidhani tumeiharibu chanjo. Alinihoji kama polisi. Ilitoka duka gani? Barafu iliyeyuka? Bomba lilisafishwa na nini? Baada ya kuchanganya, ilichukua dakika ngapi? Kila jibu lilikuwa sahihi, na kila jibu sahihi lilizidi kumuudhi. Mwishoni akavua kofia.

"Basi nielezeni siku ile, tangu asubuhi. Kila kitu. Hata kama mulipika maharagwe, museme."

Mama akaeleza. Alipofika kwenye konzi ya vumbi, alieleza kama kitu kidogo cha furaha, na akaendelea. Munganga akainua mkono.

"Rudi nyuma, Mama. Vumbi ya wapi?"

"Ya banda. Ya pembe."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akazungumza kwa sauti ya chini, yenye heshima aliyozoea kuwapa ng'ombe.

"Ile virusi haitembei mu damu ya muntu wala mu maji. Inatoka ku ngozi ya kuku, pale unyoya unapoota. Inaanguka pamoja na ukurutu. Ile vumbi laini ndiyo nyumba yake, inakaa humo miezi na miezi. Na sindano haifanye kazi saa ile ile. Askari banahitaji siku, kama juma moja au zaidi, kujifunza. Ninyi muliwapa sindano, na mara moja mukawapa adui wanuse. Adui alifika mbele ya askari kuvaa viatu."

Nilitazama viganja vyangu. Kwa kweli nilivitazama, kama vile vumbi lilikuwa bado humo.

"Ni minye nilileta," nikasema. "Nilienda kuichota."

"Na nani alikutuma?"

Sauti ilitoka mlangoni. Nimeshasema Koko alikuwa na masikio mazuri. Alikuwa amesimama pale, fimbo mkononi, sijui tangu lini.

"Koko, hakuna aliyejua," Mama akasema haraka.

"Sikuulize nani alijua. Minye ndiye nilimutuma." Akasogea hadi akamgusa munganga begani. "Niambie, mwanangu. Miaka yote hii mitatu. Kila batoto bakitoka, minye nawanyunyizia. Ni minye nilikuwa nawaua?"

Munganga hakuwa mtu wa kudanganya. Alifikiri, akasema, "Koko, zamani kuku walikuwa kidogo, na ugonjwa haukuwa mu banda. Konzi yako haikuwa na kosa. Ugonjwa uliingia na kuku mumoja wa kununua, nani ajue wapi. Kisha ulikaa mu vumbi. Hata bila konzi, banda liko pale tu, upepo ungeleta. Lakini konzi ilileta mbio."

Koko alitikisa kichwa mara kadhaa. Nilingoja alie. Badala yake akapiga fimbo chini.

"Basi tunaanza wapi?"

Na hapo ndipo kazi ilipoanza kweli, na nikajua Mama alijifunza ukaidi wake kwa nani. Munganga alisema kuku wakubwa, ingawa wazima machoni, pamoja na wale wa sindano waliobaki, waondoke wote, kwa kuwa kila siku wanamwaga ugonjwa. Lakini alisema pia kwamba hauingii ndani ya yai. Kwa hiyo tulikusanya mayai ya siku kumi za mwisho, tukayapangusa maganda, na kuku wale wakaliwa na kuuzwa kwa nyama, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa wa Koko, mweupe mwenye madoa, aliyezoea kulala chini ya kiti chake. Mama alitaka kumwachia.

"Yai lake liko mu yale ya kuangua?" Koko akauliza.

"Liko. Matatu."

"Basi chinja. Na musinipe kiuno, munipe paja."

Tulichoma matandiko yote ya banda. Tukakwangua sakafu hadi udongo mpya, tukasugua mbao kwa sabuni, tukapaka chokaa mara mbili. Lakini munganga alisema vifaranga wasiingie humo upesi. Wakae kwanza, wiki zile za mwanzo, mahali ambapo kuku hajawahi kukanyaga. Tuliutazama uwanja. Kuku walikuwa wamekanyaga kila mahali: jikoni, chumbani kwangu, hata kitandani kwa Koko.

"Salon," akasema Koko.

Mama akageuka. Salon ile, sebule ya wageni, ilikuwa na viti vya sponji vyenye vitambaa vya kufuma, picha ya ndoa yake, na mlango uliofungwa kwa ufunguo. Iliingiwa kwa misiba na kwa mchungaji. Kweli, kuku yeyote aliyethubutu kuvuka kizingiti chake alipigwa kandambili.

"Mama mukwe, mu salon?"

"Uko na pahali pengine?"

Viti vikatolewa nje, uani. Nilikwenda Luberizi mwenyewe kufuata makapi ya mpunga mapya, yakitoka moja kwa moja kwenye mashine ya kukoboa, nikakaa juu ya magunia hayo njia nzima ili asiweke mtu kuku wake juu yake. Kuvezi ilisuguliwa, ikaingia salon, chini ya picha ya ndoa. Mlangoni tuliweka beseni la maji ya dawa, na jozi moja ya kandambili ambazo hazikutoka nje. Anayeingia ananawa, anabadili viatu, anavaa pagne safi, yaani kitenge, juu ya nguo zake.

Wanawake wa kwaya walikuja siku ya mazoezi, wakakuta viti vya salon chini ya jua.

"Yaya, unahama?" wakamuuliza, wakimwita dada mkubwa kama kawaida yao.

"Sihame. Kaeni."

"Na ndani kuko nani?"

"Wageni wangu."

"Wageni gani wanakaa ndani, siye wenyeji tunakaa inje?" Wakasikia mlio, wakaangua kicheko. "Kuku! Yaya ameolewa na kuku! Mume wake ku picha anasema nini?"

"Anawahesabu," Mama akajibu, naye hakucheka. Yule aliyemrudishia kikapu cha kuku waliopooza alikuwa miongoni mwao. Alisimama kwenda kuchungulia mlangoni. Mama akamzuia kwa mkono mzima. "Uko na kuku kwako. Hautaingia na hiyo nguo. Si chuki, ni vumbi."

Siku waliyoanguliwa, tulirudia kazi ile ya mezani, lakini safari hii Mama ndiye aliyeshika sindano na mimi nikashika vifaranga. Watatu wa kwanza aliwapiga polepole, kisha akashika mwendo. Tulipomaliza, Koko alikuwa amesimama nje ya beseni, amenawa hadi viwiko, amevaa pagne yake ya kanisani.

"Lazima wajue kwao," akasema.

Mama alinitazama. Nilifungua gunia ambalo bado lilikuwa limeshonwa, nikamjazia mkono makapi ya mpunga, mapya, yenye harufu ya bonde. Koko akayanyunyiza akinong'ona maneno yale yale. Hakuna kifaranga aliyepiga chafya.

Miezi iliyofuata nilikuwa nikiamka na kwenda kutazama miguu kabla ya kunawa uso. Mama yeye alitazama macho. Kila Jumapili baada ya ibada alimchukua kuku mmoja mmoja, akamgeuza kwenye mwanga: chungwa, chungwa, chungwa. Wiki ya kumi na moja ilipita. Ya kumi na tatu, mmoja akachechemea, na Mama akakaa chini pale pale. Nilimkamata yule kuku, nikamgeuza. Uzi wa nailoni wa wavu ulikuwa umemzunguka kidole hadi ukaingia nyamani. Tuliukata kwa wembe. Mama alibaki amekaa muda mrefu hata hivyo.

Baadaye wawili walipatwa kweli, na munganga akasema hakuna chanjo inayofunga kila mlango, maana kuku aliyechanjwa bado anaweza kukipata kile kirusi, ila mara nyingi uvimbe ndio humkosa. Wawili, kati ya wote wale. Waliobaki waliingia kwenye banda la chokaa wakitembea kwa miguu yao, na mwezi wa tano mmoja, mweupe mwenye madoa, akataga. Koko alilishika yai hilo asubuhi nzima, akakataa lipikwe. Mama alimpigia simu binti yake. Nilisikia maneno machache tu: "Televizyo yako ikae na weye. Minye niko na kazi."

Yule mwanamke wa kikapu ndiye aliyekuja wa kwanza kuomba vifaranga. Mama alimfanya asafishe banda lake kwanza, akaenda kuliona mwenyewe, akapitisha kidole juu ya mbao, akalikataa, akamwambia apake chokaa tena. Mara ya pili akalikubali.

Nilijua wakati huo kwamba nitaondoka. Sindano mkono wake ulikuwa umeizoea, njia ya Bujumbura aliijua, na mimi nikisikia lori linanguruma barabarani huwa siwezi kumaliza chakula. Niliwaambia juma moja kabla. Mama alisema, "Nilijua. Viatu vyako havikai chini ya kitanda, vinakaa mlangoni."

Siku niliyoondoka ilikuwa siku ya kuangua. Lori langu la Bukavu lilikuwa linangoja barabarani, na Mama hakuweza kunisindikiza kwa kuwa chanjo ilikuwa imeshachanganywa na saa moja ilikuwa inakimbia. Alinipungia kwa kiwiko kutoka mezani, kifaranga mkono mmoja, sindano mwingine.

"Papa, usisimame mu mulango, unaleta upepo!"

Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yake.

Koko alinifuata hadi uani. Niliona miguu yake ikielekea bandani, kwenye ile pembe ya nyuma, kwa mazoea ya miaka themanini. Akasimama. Akarudi, akapapasa hadi akalipata gunia jipya, akachota konzi moja, akaitia katika mfuko wa koti langu. Maneno ya Kifuliiru aliyonong'ona sikuyaelewa yote.

"Koko, minye si kifaranga."

"Kifaranga anakaa," akasema. "Weye ndiye unapotea."

Lori lilipopita Kiringye nilitia mkono mfukoni kutafuta kiberiti. Makapi yakaniingia kwenye kucha. Nyuma yangu bonde lilikuwa limejaa mpunga, na Uvira ilikuwa imebaki mbali, kando ya ziwa. Dereva akaniuliza natafuta nini. Nikasema sitafuti kitu. Nikaufunga mfuko kwa kifungo, na kiberiti nikamwomba yeye.